Saluni sita, mtaa mmoja, na bei haishuki

*Mwalimu, nina saluni ya viti vitatu hapa Kondele, Kisumu. Nilipofungua tulikuwa wawili tu kwenye mtaa huu na nilikuwa nikipata karibu vichwa 100 kwa mwezi, rasta shilingi 1,000, mteja anakuja na nywele zake. Leo tuko saluni sita na napata kama vichwa 70. Jumanne wasusi wangu wanashinda kwenye simu. Kodi ni 10,000, msusi namlipa 400 kwa kila kichwa. Shemeji yangu ananiambia nishushe hadi 800 niwamalize hawa wengine. Lakini mbona tuko wengi hivi, viti vitupu, na bei haijashuka wala hakuna anayefunga? Nishushe au nisishushe?*

Usishushe, dada. Angalau usiwashushie wateja wote na siku zote. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua, kisha tuje kwa lile swali la viti vitupu, ambalo kwangu ndilo lenye utamu.

Kila kichwa kinachoketi kinakuletea 1,000. Msusi anachukua 400. Mafuta, shampuu, jeli na maji ya moto tuyawekee 100. Zinabaki 500. Kazi ya hizo 500 ni kulipa vile vitu ambavyo haviulizi umesuka vichwa vingapi: kodi 10,000, kisha umeme wa kila mwezi, leseni ya kaunti ukiigawa kwa miezi 12, na vifaa vinavyochakaa, ambavyo kwa saluni ya viti vitatu nitavikadiria 6,000 kwa pamoja. Halafu kuna kitu ambacho wenye saluni wengi hawakiandiki kabisa: mshahara wako mwenyewe. Kama ungefunga kesho ukaenda kusukia kwa mtu mwingine au kusimamia duka la mtu, ungelipwa. Tuseme 19,000. Hiyo nayo ni gharama, kwa sababu umeiacha ili ukae hapo. Jumla ni 35,000 kwa mwezi.

Sasa angalia. Wakati ule wa vichwa 100 ulikuwa ukibaki na 50,000, ukitoa 35,000 unapata faida halisi ya 15,000 juu ya mshahara wako. Leo una vichwa 70, mara 500 ni 35,000. Sawasawa na gharama. Hujala hasara na hujapata faida. Umelipwa mshahara wako, basi. Kama makadirio yangu yamepishana kidogo na daftari lako, badilisha tarakimu, lakini sitashangaa ukikuta uko karibu hapohapo. Hutakuwa umefika hapo kwa uzembe. Ile 15,000 ya mwanzo ndiyo iliyowaleta majirani zako. Mtu alipita, akaona foleni ya Jumamosi, akahesabu vichwa, akasema na mimi naweza. Akaja wa tatu, wa nne. Waliendelea kuja mpaka hiyo 15,000 ikaisha, na ilipoisha hakuna wa saba aliyeona sababu ya kuja.

Tujaribu ushauri wa shemeji, lakini kwa hatua. Ukishuka kutoka 1,000 hadi 900, kila kichwa sasa kinakuachia 400 badala ya 500. Ili ubaki palepale unahitaji vichwa 35,000 kugawanya kwa 400, yaani 87 na nusu, tuseme 88. Punguzo la shilingi 100 lazima likuletee wateja 18 wapya kila mwezi ndipo usipoteze. Watatoka wapi? Kutoka saluni zile tano. Wengine watakuja, wale wasio na msusi wao, wanaopita wakiuliza bei mlangoni. Tuseme wanakuja 14. Unafika 84, mara 400 ni 33,600. Umefanya kazi zaidi na umebaki na 1,400 pungufu. Ukifika 800, hata ukipata 98, unabaki na 29,400. Shemeji amekula mshahara wako.

Upande wa pili ni uleule. Ukipanda hadi 1,100 unabakiwa na 600 kwa kichwa. Kwa hiyo unaweza kupoteza wateja hadi 11 bila kuumia, maana 59 mara 600 ni 35,400. Wakiondoka 14, unabaki na 56, nayo ni 33,600. Yaani katika mfano huu 1,000 ndiyo bei yako bora, na hata hiyo bora inakufikisha tu kwenye gharama zako. Mwanafunzi wa uchumi huchora jambo hili kwa mstari wa wateja, yaani wangapi wanakuja kwa kila bei, unaogusa mkunjo wa gharama ya wastani ya kichwa kimoja mahali pamoja tu bila kuukata. Wewe unalijua bila mchoro: kokote unakosogea, unashuka.

Na hapo nimekuhurumia, kwa sababu nimechukulia kwamba saluni nyingine tano zitakaa zikikutazama. Hazitakaa. Wiki moja tu baada ya wewe kuandika 900 kwenye ubao wa nje, jirani ataandika 900. Wakishuka wote, hakuna wa kumnyang'anya mwenzake. Wanaoongezeka ni wale waliokuwa wakisuka kila baada ya miezi mitatu na sasa wanasuka kila baada ya miwili na nusu. Pengine ni vichwa vinne. Kwa vichwa 74 mara 400 unapata 29,600, na ukitaka kurudi 1,000 itabidi mmoja wenu aanze kupandisha, na hakuna atakayetaka kuwa wa kwanza. Edward Chamberlin wa Harvard, aliyeieleza hali hii ya soko mwaka 1933, aliitenganisha mistari hiyo miwili kwa makusudi: mstari mmoja wa wateja ukishuka peke yako, na mwingine mkishuka wote. Muuzaji huota akitumia ule wa kwanza, akaamkia ule wa pili.

Sasa kwa nini bei haijaporomoka ilhali mko sita? Nenda Kibuye Jumapili uangalie wanaouza sukuma wiki. Fungu ni fungu. Mama akidai shilingi tano zaidi ya jirani yake, mnunuzi anapiga hatua mbili na kununua kwa mwingine bila hata kuaga. Huo ndio ushindani kamili, au ulio karibu nao. Upande wa pili kuna umeme wa nyumbani: waya unaoingia ni wa kampuni moja, na usipoupenda utanunua sola au uwashe taa ya mafuta. Huo ni ukiritimba. Saluni ziko katikati, na wachumi wameziita kwa jina lenye kujipinga lenyewe, ushindani wa ukiritimba. Jina linakera lakini linasema kweli. Mko wengi, mlango uko wazi kwa yeyote mwenye kiti, kioo na kodi ya mwezi wa kwanza, na hapo mnashindana. Lakini kila mmoja anauza kitu ambacho hakifanani kabisa na cha mwenzake, na katika hicho kidogo anachokimiliki yeye peke yake ni bwana mdogo.

Mke wangu hupita saluni nne akienda kusukwa Manyatta. Nilimuuliza siku moja, akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini nimemwoa yeye. Msusi wake ana mkono mwepesi. Havuti nywele za mbele mpaka macho yakatoka. Basi. Mwingine anafuata saluni iliyo hatua kumi kutoka steji kwa sababu anatoka kazini saa kumi na mbili. Mwingine ana watoto watatu wa kike na anataka mahali wanapovumilia kilio. Kuna wa dredi, kuna wa wivi na ritachi, kuna anayekwenda mahali fulani kwa sababu hawaulizi habari za mumewe. Hata umbali peke yake ni tofauti. Kama bodaboda ya kwenda na kurudi ni shilingi 100, mteja wa jirani yako hana haja ya kukufuata kwa punguzo la 80. Ndiyo maana ukipandisha kidogo hupotezi wote, na ukishusha kidogo hupati wote. Mstari wako wa wateja una mteremko. Wa muuza sukuma umelala chini.

Ukiweka mambo mawili pamoja, mteremko huo na mlango ulio wazi, viti vitupu vinajieleza. Viti vyako vitatu, kila kimoja kikisuka rasta vichwa viwili kwa siku, siku 26, ni nafasi ya vichwa 156. Unatumia 70, chini ya nusu. Ungejaza zote, gharama ya kila kichwa ingekuwa 500 pamoja na mgao wa 35,000 kwa vichwa 156, ambao ni kama 224, jumla 724. Leo gharama hiyo ni 1,000. Kwa hiyo kila mteja wa Kondele analipa kama 276 zaidi ya vile ambavyo angelipa kama mngekuwa saluni mbili au tatu zilizojaa. Mtu wa mahesabu makavu atasema huo ni upotevu, kaunti iwapunguze. Mimi sikubali. Zikibaki saluni mbili, mke wangu atasukwa na mtu anayevuta, mwenye watoto watatu atatembea, na yule mwenye mume atahojiwa. Sehemu kubwa ya hiyo 276 wanainunua wenyewe kwa hiari: wanalipia kuchagua. Kama wanalipa kidogo au kupita kiasi, hesabu hii peke yake haiwezi kuamua.

Kuna kosa moja ambalo hata walimu tunalifanya tukihesabu viti vitupu. Tunahesabu kwa wastani wa mwezi. Saluni haiishi kwa wastani. Ijumaa, Jumamosi, mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, wiki moja kabla ya Krismasi, na siku za harusi, hata viti vitatu havitoshi. Kiti kinachokaa kitupu Jumanne ndicho kinachokuingizia Jumamosi, kwa hiyo si vyote ni vya ziada. Angalia daftari lako: kama hata Jumamosi ya mwisho wa mwezi kiti cha tatu kinakaa bila mtu, basi hicho kweli ni cha ziada. Kipangishe kwa mtu wa kucha, au kiondoe.

Na hakuna anayefunga kwa sababu mbili. Pesa ya kioo, rangi ya ukuta, mashine ya kukausha na kibao imeshazama. Ukifunga leo mashine utaiuza kwa bei ya kutupa na ukuta utamwachia mwenye nyumba. Kwa hiyo mtu huvumilia mpaka kitu kikubwa kiharibike au kodi ipande. Sababu ya pili ni ule mshahara usioandikwa. Jirani yako ambaye nje ya saluni angepata 10,000 tu haoni hasara mahali ambapo wewe unaiona. Yeye atakaa.

Turudi kwa Jumanne, maana hapo ndipo punguzo lina maana. Kiti kikiwa kitupu, mteja wa ziada anakugharimu 500 tu: msusi na mafuta. Yeyote anayelipa zaidi ya 500, na ambaye vinginevyo asingekuja kabisa, anakuachia kitu. Sema unasuka kwa 800 Jumanne na Jumatano peke yake. Wakija wapya 12 unapata 12 mara 300, yaani 3,600. Lakini watahamia pia baadhi ya wale wa Jumamosi. Wakiwa 8 unapoteza 200 kwa kila mmoja, 1,600. Unabaki na 2,000 zaidi kwa mwezi, na Jumamosi umepata nafasi nane. Ukikuta waliohama ni 20 na wapya ni 12, umetoa 4,000 ili upate 3,600, na hapo acha. Huwezi kujua bila kuandika. Kwa majuma manne, mteja wa Jumanne akikaa, muulize alikuwa akisuka wapi na siku gani, uandike kwenye daftari lilelile la vichwa. Na msusi mlipe 400 yake kamili. Saluni zinazolipa kwa asilimia zikishusha bei hushusha pia mfuko wa msusi bila kumuuliza, naye hujibu kwa miguu.

Jirani ataiga Jumanne yako baada ya mwezi au miwili, na hiyo 2,000 itapungua. Ndivyo soko hili lilivyo: chochote kinachoonekana kutoka barabarani kinaigwa. Bei kwenye ubao inaigwa, soda ya bure inaigwa, mtindo mpya wa rasta unaigwa kabla ya wikendi.

Kwa hiyo, kabla hujatumia shilingi moja kujitofautisha, jiulize tofauti hiyo itakuwa mali ya nani. Kama wateja wanakuja kwa sababu uko karibu na steji, tofauti ni ya mwenye nyumba. Yeye hupita pale Jumamosi, anaona foleni, na mkataba ukiisha kodi inapanda mpaka ile faida inakuwa yake. Kama wanakuja kwa sababu ya mkono wa msusi mmoja, tofauti ni ya msusi. Nilikuwa na jamaa mwenye saluni Nyalenda aliyekuwa na msusi wa namna hiyo. Wateja walimpigia yeye simu, si saluni. Alidai 500 kwa kichwa, jamaa akakataa kwa sababu ya shilingi 100. Mwezi uliofuata msusi alikodi kiti hatua chache kutoka hapo, akaondoka na vichwa 30. Fanya hesabu: vichwa 30 vikikuachia 400 kila kimoja ni 12,000. Alizikataa hizo 12,000 kwa kuiokoa 3,000.

Lililo lako ni lile linalokaa saluni hata msusi na mwenye nyumba wakibadilika. Daftari la wateja lenye tarehe waliyosukwa, aina ya rasta, na nani hudhurika na jeli gani, kisha ujumbe kwa simu ya saluni wiki ya saba kumkumbusha. Miadi inayoheshimiwa, mtu akiambiwa saa nne asikae mpaka saa saba. Wasusi wawili wanaomjua kila mteja badala ya mmoja. Haya hayaonekani kutoka barabarani, kwa hiyo huigwa polepole, na yakishika utaona dalili moja: jaribu kupandisha hadi 1,100 kwa mwezi mzima na uhesabu waliopotea. Wakiwa 11 au chini yake, bei yako mpya umeipata. Wakiwa 12 au zaidi, rudi 1,000. Fanya hivyo mwezi wa kawaida, usifanye Desemba, maana Desemba kila mtu mtaani hujiona mjanja.